Je, Wajua? Saa Nne ya Bamvua

Je, wajua kwamba ndani ya neno pwani limo neno kupwa? Pwa ni ule ufuko ambao maji huufunika yakijaa na kuuacha wazi yakipwa, na pwani ni hapo hapo. Waliopaita hivyo hawakutazama bahari peke yake, walitazama na mwendo wake.

Je, wajua kwamba Idi ndogo huangukia kwenye bamvua kila mwaka, iwe ni wakati wa kaskazi au wa kusi? Kama umekulia Unguja, kumbuka sikukuu zako. Asubuhi mmesali, mmekula, mmevaa nguo mpya, na ikifika saa nne bahari ya Paje au Jambiani imekwenda zake mbali hata unaweza kutembea mchangani mpaka karibu na mwamba. Alasiri saa kumi, pale Forodhani, maji yamepanda ukutani na vijana wanajirusha mmoja baada ya mwingine. Sasa kumbuka Idi kubwa. Asubuhi mwishoni ndipo maji yanapojaa, tena yanajaa kwa unyonge, na alasiri yenyewe yanashuka polepole bila kwenda mbali. Watoto ni wale wale na ukuta ni ule ule, lakini bahari siyo ile.

Sababu iko kwenye kalenda. Idi ndogo ni mosi Mfunguo Mosi, mwezi ukiwa mwandamo. Idi kubwa ni mwezi kumi wa Mfunguo Tatu, nusu mwezi ikiwa imepita siku chache tu. Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi, na bahari nayo inafuata mwezi, kwa hiyo haziwezi kuachana. Ukijua leo ni mwezi ngapi, umeshajua mengi kuhusu maji ya leo kabla hujatoka nje.

Je, wajua kwamba mwezi hauyainui maji juu kama unavyoinua ndoo kisimani? Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, na si kosa lao, kwa sababu michoro mingi ya vitabuni inaonyesha mshale mmoja kutoka baharini kwenda mwezini basi. Nguvu ya mwezi ya kuinua kitu ni ndogo mno. Wewe mwenye kilo 50, mwezi ukiwa juu ya utosi wako, unapungua uzito kwa kiasi cha robo ya punje moja ya mchele. Nguvu kama hiyo haiwezi kuinua bahari.

Inachoweza ni kuyasogeza maji kwa pembeni. Chukua sehemu ya bahari ambayo mwezi hauko juu yake sawasawa, bali uko upande mmoja wa anga. Mvuto wake pale unakuja kwa mshazari, na maji, kwa kuwa ni maji, hayashiki mahali pake kama jiwe. Yanateleza kidogo kuelekea chini ya mwezi. Kila tone linasogea kidogo tu, lakini bahari ina maelfu ya kilomita, na vidogo hivyo vikikusanyika mahali pamoja uso wa maji unapanda. Ndiyo maana ndoo haina kujaa na kupwa, wala birika la shuleni, wala Ziwa Viktoria ambalo kwa macho yetu ni bahari nzima. Upana wa vyote hivyo hautoshi. Upande wa huku na upande wa kule unavutwa karibu sawa, maji hayana pa kukimbilia.

Je, wajua kwamba maji hujaa pia upande wa dunia ambao mwezi hauko kabisa? Hili ndilo swali linalowashinda hata watu wazima. Kama mwezi unavuta, maji yangejaa mara moja kwa siku, pale mwezi unapopita juu. Mbona kwetu yanajaa mara mbili?

Nitakueleza kwa resi za ngalawa. Zimetoka tatu kwa mstari, zote zinakwenda upande mmoja. Ya mbele imepata upepo mwingi kidogo, ya katikati upepo wa wastani, ya nyuma upepo kidogo zaidi. Baada ya muda nahodha wa ngalawa ya katikati anatazama mbele, anaona ile ya kwanza imemwacha. Anageuka nyuma, anaona ile ya tatu nayo imeachwa na iko mbali naye. Hakuna aliyeivuta ngalawa ya tatu kurudi nyuma. Zote zinakwenda mbele, ila kwa kasi tofauti, na kwa macho ya aliye katikati zote mbili zimejitenga naye, moja huku na moja kule.

Ngalawa ya mbele ni maji yaliyo upande wa mwezi. Ya katikati ni dunia yenyewe. Ya nyuma ni maji ya upande wa pili wa dunia. Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kitovu cha dunia, na kutoka kitovu hadi usoni ni kilomita 6,371. Mvuto hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo maji ya upande wa mwezi yanavutwa zaidi ya kitovu kwa asilimia 3 hivi, na maji ya upande wa pili yanavutwa pungufu ya kitovu kwa asilimia 3 hivi. Asilimia 3 hizo ndizo zinazofanya kazi yote. Matokeo yake bahari inavimba pande mbili, na dunia ikijizungusha ndani ya mavimbe hayo mawili, pwani yako inapita kwenye kila moja.

Je, wajua kwamba Galileo, aliyeipindua elimu ya anga, alikosea katika jambo hili? Katika kitabu chake cha mwaka 1632 aliandika kwamba bahari huchezacheza kwa sababu ya mwendo wa dunia, kama maji katika chombo kinachokwenda, na akaukataa mwezi. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1687, Isaac Newton alipochapisha kanuni yake ya mvutano, ndipo mavimbe mawili yakapata maelezo yanayosimama.

Je, wajua kwa nini maji ya leo hayajai saa ile ile ya jana? Dunia inapomaliza mzunguko wake wa saa 24, mwezi nao haukukaa kungoja. Umeshasogea mbele katika njia yake, na dunia inahitaji dakika kama 50 zaidi kuufikia tena. Kwa hiyo siku ya mwezi ni saa 24 na dakika 50. Igawe kwa mavimbe mawili: kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache.

Sasa tufanye hesabu, chukua kalamu. Mwezi mosi, hapa Unguja, maji yanajaa saa kumi hivi alasiri. Mwezi 8 itakuwaje? Kutoka mosi hadi 8 ni siku saba. Saba mara dakika 50 ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50. Ongeza kwenye saa kumi alasiri, unapata saa nne kasoro dakika kumi usiku. Rudi nyuma saa sita na dakika chache kutoka hapo, utaona kwamba siku hiyo maji yalikupwa kabisa kwenye saa kumi kasoro alasiri. Yaani ile saa ya Forodhani iliyokuwa ya kujirusha wiki iliyopita, sasa ni saa ya mchanga na mawe. Nimeona kijana mgeni akijiandaa kuruka pale saa kumi kwa sababu Jumamosi iliyotangulia aliona wenzake wakiruka saa hiyo hiyo. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi ukutani alimshika mkono: "Mwanangu, tazama maji kwanza. Leo siyo juzi."

Hesabu hii ni ya makadirio. Siku za bamvua maji huchelewa chini ya dakika 50 kila siku, siku za maji mafu huchelewa zaidi, hata kupita saa nzima. Na mwezi ukiandama siku moja nyuma au mbele, hesabu yako itahama pamoja nao. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la kujaa na kupwa linalotolewa na mamlaka za bandari. Lakini kwa kujua kama asubuhi ya kesho utakuta mchanga au maji, hesabu ya dakika 50 inatosha.

Je, wajua kwamba jua nalo linavuta bahari yetu? Wengi huuliza: jua ni kubwa kiasi kile, kwa nini lishindwe na mwezi? Jua lina maada mara milioni 27 kuliko mwezi, lakini liko mbali mara 390 hivi kuliko mwezi. Kumbuka kwamba kinachosogeza bahari ni tofauti ya mvuto kati ya upande huu na upande ule wa dunia, siyo mvuto wenyewe, na tofauti hiyo hupungua kwa kasi sana: ukienda mbali mara mbili, inabaki sehemu moja ya nane. Ni umbali kuzidishwa kwa umbali kuzidishwa kwa umbali. Basi 390 × 390 × 390 ni kama milioni 59. Gawa 27 kwa 59, unapata 0.46. Jua lina chini kidogo ya nusu ya uwezo wa mwezi juu ya maji. Ni msaidizi, lakini msaidizi mwenye nguvu.

Na hapo ndipo bamvua na maji mafu yanapozaliwa. Mwezi ukiandama, jua na mwezi viko upande mmoja. Mwezi ukiwa mpevu, viko pande mbili zinazotazamana. Mara zote hizo mbili vimo katika mstari mmoja, na kwa kuwa kila kimoja hutengeneza mavimbe mawili, mavimbe yao yanapandana. Nusu mwezi ikifika, jua liko upande mmoja na mwezi uko pembe mraba nalo. Mwezi unakusanya maji hapa, jua linataka kuyapeleka pale.

Kwa bahari ya Unguja tunaweza kukadiria hivi. Mwezi peke yake huyapandisha maji kiasi cha mita 1.2 juu ya wastani wake na kuyashusha kiasi hicho hicho chini. Jua peke yake, mita 0.6. Vikikubaliana: 1.2 + 0.6 ni mita 1.8 juu na mita 1.8 chini, jumla mita 3.6 kutoka kupwa hadi kujaa. Hiyo ni bamvua, na ni zaidi ya urefu wa watu wawili, mmoja akisimama kichwani kwa mwenzake. Vikipingana: 1.2 − 0.6 ni mita 0.6 juu na 0.6 chini, jumla mita 1.2. Hayo ni maji mafu. Sasa unaona kwa nini wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki hupanga kazi zao kwa bamvua. Katika maji mafu kamba zao hazitoki vizuri majini, na anayekwenda kuchokoa pweza hapati mwamba wa kukanyaga.

Bibi yangu alikuwa akienda chaza. Hakusoma hata darasa moja, lakini ukimuuliza kesho mnakwenda saa ngapi alitazama mwezi, akahesabu kwa vidole, akasema, "Kesho saa nne, mjukuu wangu. Bamvua ya kesho ni saa nne." Nilipokuwa mdogo nilidhani ni yeye aliyeamua saa hiyo. Baadaye nikagundua kwamba bamvua yetu ni ya saa nne daima. Maji ya bamvua hapa kwetu hukauka mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa mnamo saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, mwaka nenda mwaka rudi. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hazipishani sana nasi. Si bahati. Bamvua huja tu jua na mwezi vinapokuwa katika mstari mmoja, na jua ndilo saa yetu ya ukutani. Mwezi ukifungwa na jua, maji nayo yamefungwa na saa.

Je, wajua kwamba mwezi ukiwa juu ya utosi wako maji bado hayajajaa? Hili ni zuri kulijaribu mwenyewe. Siku ya mwezi mwandamo, jua na mwezi vyote viko juu yetu mnamo saa sita na nusu mchana. Kwa maelezo ya mavimbe mawili, maji yangejaa saa sita na nusu. Lakini tumeshaona yanajaa saa kumi na kitu. Yamechelewa karibu saa nne nzima. Je, ni ajali ya siku hiyo moja? Tuipime kwa nusu mwezi ya kwanza. Siku hiyo mwezi uko juu mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, unauona kwa macho yako jua likizama. Ongeza saa nne kasoro, unapata saa nne na dakika chache usiku, na kweli ndio wakati maji yanapojaa.

Ucheleweshaji huu unatuambia kwamba mchoro wa mavimbe mawili ni wa kufundishia tu. Unachukulia kwamba dunia yote imefunikwa na maji, bila nchi kavu. Lakini Afrika imesimama hapa, India kule, na maji yanapofukuzana na mwezi yanagonga nchi kavu, yanageuka, yanazunguka bonde zima la Bahari ya Hindi. Kila pwani inapata maji kwa zamu yake, na ucheleweshaji wa kila mahali ni wake. Vivyo hivyo na kimo. Katikati ya bahari kuu mwezi peke yake ungefanya tofauti ya nusu mita hivi. Ni kina kidogo cha pwani na umbo la nchi vinavyoyabana maji na kuyainua. Beira, Msumbiji, yanafika zaidi ya mita 6, na katika Ghuba ya Fundy huko Kanada, penye umbo la faneli, yanafika mita 16. Mwezi ni ule ule mmoja kwa wote.

Maji pia ni mazito kuitika. Bamvua iliyo kubwa zaidi haiji usiku wa mwezi mpevu wenyewe, huja siku moja au mbili baadaye. Na bamvua hazilingani. Mwezi hauzunguki duara kamili, mara uko kilomita 357,000 hivi kutoka kwetu, mara zaidi ya 400,000. Bamvua ikikutana na mwezi ulio karibu, maji huenda mbali kuliko kawaida. Miezi ya Machi na Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, ndiyo yenye bamvua kubwa zaidi za mwaka.

Je, wajua kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja? Hili nakuomba ulishike, kwa sababu linaua. Maji ya bamvua yamekupwa saa nne, umetoka na wenzako mpaka mwambani. Yatapanda mita 3.6 kwa saa sita. Mtu atagawa, atasema ni sentimita 60 kila saa. Sivyo. Mabaharia hugawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza linaingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Fungu moja hapa ni sentimita 30.

Saa tano umetazama miguu yako, maji yamepanda sentimita 30 tu, unaona bado kuna wakati. Saa sita yameongezeka 60. Kati ya saa sita na saa saba yanaongezeka 90, na saa inayofuata 90 nyingine. Ikifika saa saba maji yamepanda mita 1.8, na ubaya wake ni kwamba hayaji mbele yako. Kati ya mwamba na ufuko huwa kuna bonde, na maji huingia bondeni kwanza kwa kupitia mlango wa mwamba. Wewe umesimama pakavu unatafuta pweza, huku nyuma yako njia ya kurudi imeshakuwa kina. Ukiona maji bondeni yameanza kwenda kwa mkondo na majani ya bahari yamelala kuelekea ufukoni, ondoka hapo hapo. Wanaojua huanza kurudi maji yakiwa bado yamesimama.

Je, wajua kwamba siku ya tsunami ya Bahari ya Hindi, tarehe 26 Desemba 2004, mwezi ulikuwa mpevu? Kwa hiyo asubuhi hiyo, kwenye saa nne, maji ya pwani yetu yalikuwa na haki ya kuwa mbali, na mchana yalipaswa kupanda polepole mpaka saa kumi. Mawimbi yaliyotoka Sumatra yalitufikia mchana. Bahari ikaondoka ghafla na kurudi ghafla, tena na tena, wakati ambao ilipaswa kuwa inajaa kwa utulivu. Watu walikufa Somalia, Kenya na Tanzania. Mwezi huchukua saa sita kuyaondoa maji, na hauna njia ya kuyaondoa kwa dakika kumi. Basi ukiwa ufukoni ukaona bahari inakimbia na kuacha samaki wakirukaruka mchangani, na saa yako inasema maji yanajaa, usiende kuokota. Kimbilia mlimani, na wapigie kelele walioko chini.